Bajeti ya fedha kwa mnunuzi wa mpunga: jinsi ya kuijua miezi ya kukopa kabla haijafika

Bajeti nyingi ninazoletewa na wanunuzi wa mpunga wa Igurusi na Ubaruku, huku Usangu mkoani Mbeya, zina kosa moja. Juu wameandika mpunga walionunua, chini mchele watakaouza, wametoa kimoja kwenye kingine na kupata faida. Hesabu yenyewe iko sawa. Lakini haisemi fedha zitakuwa wapi mwezi wa nane, wakati ghala limejaa na mfukoni hamna kitu.

Dada mmoja wa Igurusi alinijia na daftari lake Agosti. "Kaka, hapa faida naiona," akasema, akiweka kidole kwenye mstari wa mwisho, "sasa mbona mlinzi ananidai?" Mwongozo huu ni kazi tuliyoifanya naye kwa ajili ya msimu uliofuata. Bei ni za mfano, kwa hiyo weka za kwako. Njia ndiyo ya kuichukua.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

Kwanza, daftari la msimu uliopita, au kama huna, ujumbe wa miamala kwenye simu na risiti zilizobaki. Pili, salio lako la kweli siku ya kuanza: noti za ndani, za kwenye simu na za benki, zote pamoja. Mpunga uliopo ghalani hauhesabiwi hapa, kwa sababu mlinzi halipwi kwa mpunga.

Tatu, mzani. Magunia ya kwetu hayalingani. Moja ni la debe sita, jingine limefungwa lumbesa. Fanya hesabu yote kwa kilo.

Nne, matokeo ya kukoboa gunia moja la majaribio. Pima kilo 100 za mpunga mkavu, peleka mashineni, simama pale pale mpaka mchele utoke, kisha pima tena. Dada yule alipata kilo 64, wakati kwenye daftari lake alikuwa ameandika 70 kwa sababu aliambiwa hivyo. Katika kilo 25,000, tofauti hiyo ni kilo 1,500 za mchele ambazo hazipo popote.

Tano, karatasi yenye miezi 12 au simu yenye programu ya majedwali. Karatasi inatosha.

## Hatua ya 1: Anza mwaka wako Aprili

Usianze Januari kwa sababu tu kalenda inaanza Januari. Mpunga wa Usangu huvunwa zaidi kati ya Mei na Julai, bei ikiwa chini, na mchele hupanda mwishoni mwa mwaka kuendelea. Ukianza Januari utaukata msimu vipande viwili, na shimo lote, yaani miezi ambayo fedha zako hazitoshi, halitaonekana kwenye karatasi moja. Ukianza Aprili na kumaliza Machi, unanunua, unahifadhi, unauza na kukusanya madeni ndani ya ukurasa huo huo.

Chora safu nne: mwezi, fedha zinazoingia, fedha zinazotoka, salio la mwisho wa mwezi.

## Hatua ya 2: Andika zinazotoka, katika mwezi unaotoa noti

Tunaanza na matumizi kwa sababu ndiyo yenye uhakika. Swali ni moja tu kwa kila mstari: noti inatoka mkononi mwezi gani?

Dada alipanga kununua kilo 25,000 kwa Sh 800 kwa kilo: kilo 5,000 Mei, 12,000 Juni na 8,000 Julai. Kila kilo inabeba Sh 50 zaidi kwa ajili ya magunia, wapakiaji, usafiri hadi ghalani na ushuru. Kwa hiyo kilo ikiwa ghalani imeshagharimu Sh 850.

Ghala ni Sh 150,000 kwa mwezi, lakini mwenye ghala anataka miezi sita kwa mkupuo. Hapa ndipo wengi wanateleza. Wanaandika 150,000 kila mwezi, ilhali Juni zinatoka 900,000, na Desemba 450,000 za miezi mitatu iliyobaki.

Kodi ya mapato kwa wanaokadiriwa hulipwa kwa awamu nne, mwisho wake Machi, Juni, Septemba na Desemba. Yeye aliweka Sh 200,000 kila awamu. Ona ilivyoangukia: awamu ya Juni inakutana na manunuzi makubwa kuliko yote ya mwaka.

Ada ya watoto ni Sh 600,000 Julai na 600,000 Januari. Chakula cha nyumbani, mlinzi, umeme na simu ni Sh 500,000 kila mwezi. Kuna watu hukataa kuandika matumizi ya nyumbani kwa madai kwamba si ya biashara. Kama mfuko ni mmoja, yaandike. Ada italipwa tu, uiandike usiiandike.

Mwisho, kukoboa, kufungasha na kupeleka mchele sokoni Mbeya ni Sh 100 kwa kilo ya mchele. Hii hulipwa mwezi wa kuuza, si mwezi wa kununua.

Utajua hatua hii imekaa sawa ukiona miezi imetofautiana sana. Kwa dada, Aprili zinatoka Sh 500,000, Juni Sh 11,800,000. Safu ikitoka tambarare, umegawanya gharama kwa 12 badala ya kuziweka zinapotokea.

## Hatua ya 3: Andika zinazoingia, katika mwezi unaopokea noti

Dada ana genge la rejareja linalomwachia Sh 400,000 kila mwezi baada ya kununua bidhaa zake. Hizo ni zake za uhakika.

Kilo 25,000 za mpunga kwa asilimia 64 zinatoa kilo 16,000 za mchele. Alipanga kuuza kilo 4,000 Desemba kwa Sh 1,800, kilo 6,000 Januari kwa Sh 2,000, na kilo 6,000 Februari kwa bei hiyo hiyo. Jumla ni Sh 31,200,000.

Tatizo ni kwamba nusu ya wateja wake huchukua mali kauli na kulipa mwezi unaofuata. Mauzo ya Desemba ni Sh 7,200,000, lakini Desemba anaziona Sh 3,600,000 tu. Nusu ya pili inaingia Januari pamoja na nusu ya mauzo ya Januari. Februari anapokea nusu ya Januari na nusu ya Februari. Kilichobaki kinaingia Machi, ghala likiwa tupu.

Kama wateja wako huchelewa miezi miwili, andika miezi miwili. Fuata walivyolipa msimu uliopita, achana na walivyoahidi.

## Hatua ya 4: Buruza salio

Chukua salio la mwezi uliopita, ongeza zilizoingia, toa zilizotoka. Ukitumia jedwali la kompyuta, na salio likiwa safu ya D, weka salio la kuanzia kwenye D2 na mwezi wa kwanza kwenye mstari wa 3, andika hivi kwenye D3 kisha uburuze chini:

```
=D2+B3-C3
```

Dada alianza Aprili na Sh 9,000,000. Jedwali lake, kwa maelfu ya shilingi, ni hili:

| Mwezi | Zinaingia | Zinatoka | Salio |
|---|---|---|---|
| Aprili | 400 | 500 | 8,900 |
| Mei | 400 | 4,750 | 4,550 |
| Juni | 400 | 11,800 | -6,850 |
| Julai | 400 | 7,900 | -14,350 |
| Agosti | 400 | 500 | -14,450 |
| Septemba | 400 | 700 | -14,750 |
| Oktoba | 400 | 500 | -14,850 |
| Novemba | 400 | 500 | -14,950 |
| Desemba | 4,000 | 1,550 | -12,500 |
| Januari | 10,000 | 1,700 | -4,200 |
| Februari | 12,400 | 1,100 | 7,100 |
| Machi | 6,400 | 700 | 12,800 |

Usiogope alama ya kutoa. Haimaanishi hasara, mwisho wa mwaka salio ni kubwa kuliko la mwanzo. Inamaanisha kwamba kuanzia Juni hadi Januari mpango huu hauwezi kutekelezwa kwa fedha zako peke yako.

Kujipima, jumlisha safu nzima ya zinazoingia (36,000) na ya zinazotoka (32,200). Salio la mwanzo, ongeza ya kwanza, toa ya pili, lazima ulipate salio la Machi. Lisipolingana, rudi ukatafute kabla hujaenda mbele.

## Hatua ya 5: Lisome shimo, kina na urefu

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na ndipo watu wanapopaharakisha.

Kina ni namba iliyo chini kuliko zote. Kwa dada ni Sh 14,950,000, na imetokea Novemba. Wengi wangejibu Julai, kwa sababu Julai ndiyo anamaliza kununua. Lakini baada ya Julai maisha yanaendelea: mlinzi, chakula, kodi ya Septemba. Anayekopa kwa kutazama Julai anaishiwa Agosti akiwa na mpunga tele, na hapo ndipo mpunga unapouzwa kwa bei ya kutupa.

Urefu ni idadi ya miezi yenye alama ya kutoa. Kwa dada ni minane, Juni hadi Januari. Kina kinakuambia ukope kiasi gani. Urefu unakuambia mkopo uwe wa muda gani. Ni maswali mawili tofauti, na kila moja lina dawa yake.

Sasa fungua mwezi wa kwanza wa shimo na uugawe kwa wiki. Mwezi mzima huficha mambo. Dada anaingia Juni na Sh 4,550,000. Siku ya kwanza analipa ghala 900,000. Wiki hiyo akinunua kilo 3,000 zinaondoka 2,550,000. Anabaki na Sh 1,100,000, na wiki ya pili wakulima wanashusha mpunga mlangoni. Kwa hiyo fedha za mkopo zinatakiwa kuwa mkononi kabla ya wiki ya pili ya Juni. Kuna kukagua dhamana, kuna saini za mwenza, kuna afisa aliye likizo. Maombi yapelekwe Aprili. Anayekwenda kuomba Juni hupata fedha mwezi wa saba, bei ya mpunga ikiwa imeshaanza kunyanyuka.

## Hatua ya 6: Ingiza mkopo ndani ya jedwali

Kukopa Sh 14,950,000 kamili hakutoshi, kwa sababu mkopo nao unakula. Tuseme riba ni asilimia 2 kwa mwezi juu ya salio la deni. Dada anachukua 8,000,000 Juni na 9,000,000 Julai. Riba ya Julai ni 160,000, kisha 340,000 kila mwezi. Kufikia Novemba ameshalipa riba ya Sh 1,520,000, wakati hajauza hata kilo moja ya jumla.

Hesabu ya kiasi ni hii: kina 14,950,000, riba ya kipindi cha shimo 1,520,000, na akiba ya dharura 500,000. Jumla 16,970,000. Anakopa Sh milioni 17. Jedwali likirudiwa, mwisho wa Novemba anabaki na Sh 530,000. Ni kidogo, lakini hakuna mwezi wenye alama ya kutoa.

Marejesho ya deni lenyewe yanafuata fedha zinavyoingia: milioni 2 Desemba, milioni 8 Januari, milioni 7 Februari. Jumla ya riba inakuwa Sh 2,300,000, na Machi inaisha na Sh 10,500,000. Alianza na 9,000,000. Huo ndio mwaka wake halisi, nyumba na ada zikiwa zimelipwa.

Onyo, na hili nimelishuhudia zaidi ya mara moja: usikubali marejesho ya kila mwezi yaliyo sawa kwa biashara ya namna hii. Milioni 17 kwa miezi 12 ni kama Sh 1,417,000 za deni kila mwezi, mbali na riba. Akianza kulipa mwisho wa Julai, mwisho wa Agosti fedha zimekatika, hata marejesho ya pili hayatimii. Atalazimika kuuza mpunga Agosti ili kulipa mkopo aliouchukua ili asiuze mpunga Agosti. Nenda na jedwali lako kwa afisa mikopo, mwonyeshe safu ya salio, omba kulipa riba tu mpaka Novemba. Akikataa, tafuta kwingine au punguza manunuzi.

Uliza pia riba inahesabiwa juu ya nini. Ikihesabiwa juu ya kiasi cha mwanzo hadi mwisho, yale marejesho makubwa ya Januari hayakupunguzii riba hata senti. Ada ya maombi na bima ya mkopo navyo viingie kwenye mwezi vinapokatwa.

## Hatua ya 7: Jaribu bei mbaya

Bei ya Sh 2,000 ni matumaini. Mavuno yakiwa mengi, au mchele wa nje ukiruhusiwa kuingia, bei inaweza kulala. Tulirudia jedwali kwa Sh 1,600 miezi yote mitatu, bila kubadili kingine ila marejesho: Januari anaweza kulipa milioni 6 tu, na milioni 9 zinabaki za Februari. Deni linaisha Februari, lakini anabaki na takriban Sh 360,000, na Machi inaisha na kama Sh 4,860,000. Zaidi ya milioni 4 za mtaji zimeondoka.

Dada alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali zuri kuliko yote ya siku ile: "Kwani kilo ya mwisho ninayoinunua kwa mkopo inahitaji bei gani isinile?"

Inahesabika. Kilo ya mpunga ya Julai imegharimu Sh 850. Riba ya miezi saba hadi Februari, asilimia 14, ni Sh 119. Jumla 969. Gawa kwa 0.64 upate gharama ya kilo ya mchele: 1,514. Ongeza Sh 100 za kukoboa na kusafirisha. Ni Sh 1,614. Mchele ukiuzwa chini ya hapo, kila gunia la mkopo linakula la mtaji wake mwenyewe.

Kwa hiyo tazama bei za Februari za misimu yako iliyopita. Kama mara kadhaa zilikuwa karibu na namba hii, mkopo wa kununulia ni kamari, hata kama benki imekubali kuutoa.

## Hatua ya 8: Punguza shimo kabla ya kusaini

Kina kinapunguzwa kwa kununua kidogo. Akishusha Julai kutoka kilo 8,000 hadi 3,000, mkopo unapungua kwa Sh 4,250,000 papo hapo. Bei ikifika 2,000 atakuwa amekosa kama Sh milioni 1.2 za faida. Ikibaki 1,600 hajakosa kitu. Kulipa ghala miezi mitatu mitatu kunasaidia pia, ila kidogo: Sh 450,000 zinahama kutoka Juni hadi Septemba.

Urefu unapunguzwa kwa namna unavyouza. Kama wateja wote wangelipa taslimu, Sh 6,000,000 za Januari zingeingia Januari, na salio la mwezi huo lingekuwa 1,800,000 badala ya kutoa 4,200,000. Shimo linaisha mwezi mmoja mapema. Mwezi mmoja wa kusubiri, kwa riba ya asilimia 2, unagharimu Sh 40 kwa kila kilo ya Sh 2,000. Basi mteja wa mali kauli akisema atalipa taslimu ukimpunguzia Sh 30, mkubalie. Bado umepata, na hutampigia simu Machi.

Ninachokataza ni kupunguza shimo kwa kuongeza bei ya mauzo kwenye karatasi. Nimewaona watu wakifuta 2,000 na kuandika 2,300 mpaka alama ya kutoa iondoke.

## Hatua ya 9: Linganisha kila mwisho wa mwezi

Weka safu mbili za ziada, salio halisi na tofauti. Jioni ya siku ya mwisho ya mwezi hesabu fedha zote, andika. Tofauti ikiwa ndogo, endelea. Ikiwa kubwa, tafuta sababu moja kuu na urekebishe miezi iliyobaki, usiifute iliyopita.

Mwezi wa kuutazama kwa makini ni Juni. Mpunga ukipanda kutoka Sh 800 hadi 900 wakati unanunua, kilo 12,000 zinaongeza Sh 1,200,000 kwenye shimo, na ile akiba ya 500,000 imekwisha kabla Julai haijaanza. Hapo uamuzi ni wa wiki ile ile: punguza kilo. Dada yule aliandika kikomo chake kwa kalamu nyekundu ndani ya mlango wa ghala, mahali anapopimia: "860, simama."